Mali ishabebwa kwa deni la kodi: kuikomboa kabla ya mnada maana yake nini

Watu wakisikia mali imekamatwa kwa deni la kodi wanajua ndo basi, imeenda. Hapana, kukamatwa na kuuzwa ni vitu viwili. Mali ikishabebwa bado ni yako, inashikiliwa tu kwa ajili ya lile deni, na kati ya siku iliyobebwa na siku ya kupiga nyundo kuna siku kadhaa ambazo sheria imekuachia ulipe uichukue. Hiyo ndo inaitwa kukomboa mali.

Sasa shida inaanzia kwenye notisi, manake ziko za aina tatu na watu wanazichanganya sana. Ya kwanza inakuja kabla hata hawajagusa kitu, ile ya kudai, inakwambia unadaiwa kiasi gani na ulipe lini. Ya pili ni karatasi inayokuja na ukamataji wenyewe, amri pamoja na orodha ya vitu vilivyochukuliwa. Ya tatu ni tangazo la mnada: siku, saa, mahali. Swali ambalo lazima ulijue mapema ni siku zako zinaanza kuhesabiwa kutoka notisi ipi, na hapo nchi zinatofautiana kabisa.

Marekani kwa mfano, kwa kawaida lazima upewe notisi siku 30 kabla ya kukamata, uambiwe una haki ya kusikilizwa, halafu mali ikishakamatwa mnada haufanyiki kabla ya siku 10 tangu tangazo litolewe kwa umma wala baada ya siku 40, labda uahirishwe. Kenya, Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, inataka amri ya maandishi yenye jina la mdaiwa, mahali mali ilipo na kiasi cha deni, halafu mali inawekwa siku 10 kwa gharama ya mdaiwa, na hizo siku zinahesabiwa tangu ukamataji! Yaani mtu anayekaa akisubiri aone tangazo ndo aanze kuhangaika anaweza kukuta siku zishaisha. Na vitu vinavyooza havingoji hizo 10, vina muda wake mfupi unaoandikwa kwenye notisi.

Tuchukulie fundi cherehani anadaiwa laki tano. Tarehe 3 wamebeba cherehani nne na pasi ya umeme. Anahangaika, anakopa kwa ndugu, tarehe 9 analipa laki tano kamili, anaenda stoo anaambiwa hapewi kitu. Anaona kaonewa ila hajaonewa, manake anayekomboa analipa kodi pamoja na gharama za kukamata, kubeba na kutunza. Dalali anadai elfu hamsini na tano, stoo elfu moja kwa siku, siku sita ni elfu sita, kwa hiyo alitakiwa aende na 561,000 na kila siku anayochelewa inaongezeka. Ndo maana cha kwanza kabisa, kabla hujalipa hata senti, omba kwa maandishi mchanganuo wa jumla ya kiasi cha kukomboa, wenye tarehe, yaani ukilipa siku fulani ni kiasi gani, na gharama za dalali zikionekana peke yake ili uweze kuzipinga kama zimezidi.

Kama huna hela yote omba kulipa kidogo kidogo, inakubalika mara nyingi, ila hapa ndo nawaona watu wanaumia kweli: afisa anakwambia kwa simu "sawa, lete nusu", unapeleka nusu, na mnada unafanyika vilevile. Kulipa nusu peke yake hakusimamishi mnada, kinachosimamisha ni barua inayosema umesimamishwa, na hiyo barua dalali awe nayo mkononi kabla ya siku yenyewe.

Na ile orodha ya vitu isome vizuri. Tuseme cherehani moja kati ya zile nne ni ya mteja aliileta itengenezwe. Hiyo haikombolewi kwa kulipa deni la fundi, mwenyewe anatakiwa aandike haraka kuidai akiambatanisha risiti ya kuinunua, asingoje mnada upite. Na kama notisi iliyotakiwa haikuja, au tarehe ya mnada iko ndani ya siku ulizopewa, andika pingamizi siku hiyohiyo, na wasipojibu wahi mahakamani kuomba zuio, manake mali ikishauzwa kuirudisha kutoka kwa mnunuzi ni kazi nyingine kabisa.

Ukishalipa chukua risiti, kisha dai barua ya kuachilia mali, ndo unaenda nayo stoo. Kagua kitu kimoja kimoja kwa ile orodha, washa kila cherehani, na kama kuna kilichovunjika kiandike palepale kwenye karatasi kabla hujasaini kwamba umepokea.