Siku Nzima Kibuye: Gharama Ambayo Watengenezaji wa Sabuni Hawaiandiki

Kila zoezi la kukagua na kupiga chapa mizani linapofika masokoni, meza ya ofisi yetu hugeuka meza ya malalamiko. Watengenezaji wa sabuni za mkono kutoka Kisumu, Ahero na Luanda hutuuliza jambo moja kwa maneno tofauti: sabuni inanunuliwa, lakini pesa haionekani. Wengi hulaumu bei ya mafuta. Ukifungua daftari lao, mafuta yameandikwa hadi senti ya mwisho. Kisichoandikwa ni Jumapili yenyewe wanayokaa kuuza katika soko la Kibuye, Kisumu.

Tuchukue mchanganyiko wa kilo 3 za mafuta: nazi, mawese na alizeti. Ukiongeza kostiki na maji unapata takriban kilo 4.3, zinazokatwa vipande 40. Vile viwili vya pembeni huwa na kona mbovu, kwa hiyo hesabu vipande 38 vya kuuza. Mafuta, kostiki na manukato tuseme vimegharimu shilingi 2,090, yaani shilingi 55 kwa kipande. Bei zako zinaweza kuwa tofauti. Njia ya kuhesabu ni ileile.

Sasa kazi ya mikono. Kupima, kukoroga na kumimina huchukua saa moja na nusu. Kuosha vyombo ni nusu saa, kukata na kupanga kwenye rafu dakika 40. Kufunga na kubandika lebo, kwa dakika mbili kila kipande, ni kama dakika 80. Ongeza nusu saa ya kugeuza vipande vinapokauka na nusu saa ya kwenda kununua vitu. Jumla ni saa 5. Ukijilipa shilingi 120 kwa saa, ni shilingi 600, au shilingi 16 kwa kipande. Kiwango ukichague mwenyewe, ila kisiwe chini ya kile ungemlipa kibarua akufanyie kazi hiyohiyo. Na tafadhali, zile wiki nne hadi sita za kukausha si kazi. Tumeletewa hesabu zilizolipisha usiku na mchana sabuni ikiwa imelala kwenye rafu. Saa ya kulipwa ni ile mikono inapofanya kazi.

Ufungaji ni shilingi 20 kwa kipande: kiboksi cha karatasi, lebo na vilivyoharibika. Hivyo vya kuharibika huwa vingi kwa wanaoharakisha. Sabuni iliyofungwa ikiwa mbichi huendelea kupungua, ukanda wa karatasi wa lebo ukalegea na kuchomoka, na unalazimika kufunga upya kwa karatasi mpya na dakika mbili nyingine. Ukiizungushia nailoni ya kubana, unyevu hunaswa ndani na lebo inachuja wino. Weka pia shilingi 6 kwa glavu, moto, maji na kuchakaa kwa visanduku vya kumiminia. Ada ya kibali cha alama ya ubora ya KEBS igawe kwa vipande vyote vya mwaka, kisha uiongeze hapo. Hatukuitia katika mfano huu.

Kufikia hapa kipande kimegharimu shilingi 97, nacho bado kiko nyumbani.

Jumapili ndiyo siku kubwa ya Kibuye. Muuzaji anatoka alfajiri na mzigo, anapanga meza, anakaa, anafungasha na kurudi: saa 10 kwa jumla. Kwa kiwango kilekile ni shilingi 1,200. Nauli na mzigo ni shilingi 200, ushuru na nafasi tuseme 100. Siku hiyo imegharimu shilingi 1,500. Kiasi hicho hugawanywa kwa vipande vilivyouzwa, si vilivyobebwa. Hapa ndipo wengi hujidanganya, kwa sababu wanagawanya kwa 60 walizobeba wakati wameuza 25. Kwa 25, kila kipande kinabeba shilingi 60 za soko. Kwa 40 kinabeba 37 na nusu. Siku ya mvua ukiuza 12, ni shilingi 125, zaidi ya gharama yote ya kukitengeneza. Kama mezani una pia mafuta ya nywele au asali, sabuni ibebe sehemu ya siku inayolingana na mauzo yake tu.

Kwa hiyo gharama kamili, ukiuza 25, ni shilingi 157. Bei tunayoikuta mezani mara nyingi ni 100, na maelezo huwa kwamba malighafi ni 55 hivyo faida ni 45. Si faida. Kila kipande kinabakiza shilingi 3 baada ya gharama za nyumbani. Mara 25 ni shilingi 75, ambazo hazitoshi nauli na ushuru wa 300. Mwenye meza amewalipa wateja shilingi 225 wachukue sabuni yake, na saa zake 10 amezitoa sadaka. Kwa shilingi 180, angerudi na 1,775 baada ya nauli na ushuru. Humo mna ujira wake wa 1,200, na 575 ndiyo faida.

Mteja atalalamika kwamba mche wa sabuni dukani ni rahisi. Ni kweli, na huwezi kushindana nao kwa bei. Kinachopunguzika bila kujipunja ni saa za soko. Wawili wanaotengeneza bidhaa tofauti wanaweza kupokezana meza moja, kila mmoja akikaa nusu siku na kumuuzia mwenzake. Wengine huacha Jumapili za katikati ya mwezi na kwenda mishahara ikishalipwa. Andika kwa mwezi mmoja vipande vilivyouzwa kila siku ya soko. Siku ambayo kila mara haifiki 15 iache.

Njia nyingine ni kuuza kwa jumla kwa salun au duka. Mwenye duka ndiye anayekaa na mteja, kwa hiyo zile shilingi 60 za soko si zako kudai. Kipande cha 97 mpe kwa 125, usafirishaji ukiwa mdogo, naye auze 180. Aliyezoea kuuza 100 sokoni hawezi mpango huu kabisa, maana duka likiomba punguzo anauza karibu na gharama au chini yake. Halafu anatuambia maduka yanaonea watu.

Uzito nao ni sehemu ya bei. Kipande cha gramu 107 siku ya kukatwa hupoteza kama moja ya kumi ya uzito au zaidi kidogo kinapokauka. Anayechapisha lebo siku ya kukata anauza gramu ambazo hazipo, na chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, kuuza uzito pungufu ni kosa la jinai, hata kama aliyepunguza ni hewa. Afisa akikuta pungufu anaweza kuzuia bidhaa na kukufungulia mashtaka, na mahakama inaweza kukutoza faini au kukufunga jela. Pima vipande kumi vilivyokauka wiki sita, chukua kilicho chepesi kuliko vyote, shusha hadi namba nzima iliyo karibu, ndiyo uandike. Katika mfano wetu ni gramu 90.

Mizani yenyewe iwe ya aina iliyoidhinishwa kwa biashara na ipigwe chapa kila mwaka. Ile ndogo ya plastiki ya jikoni haipigwi chapa. Fika na mizani ikiwa safi, na betri zake, lipa ada, na usiondoke bila risiti na cheti. Ada hiyo nayo iandike, igawe kwa vipande vya mwaka, uiunganishe na zile shilingi 6.