"Umepotea": salamu ya mtu aliyepotea mwenyewe

Jumamosi, saa tano na dakika arobaini usiku, simu ya shoga yangu ikalia. "Mambo, umepotea sana jamani 😂". Ni yule kaka waliyekuwa wakichati kila siku, kisha akakauka wiki sita nzima. Ukipandisha kidole juu kidogo, bado unauona ujumbe wa mwisho wa shoga yangu, una tiki mbili za bluu: "Basi kesho saa kumi pale pale?" Haukujibiwa. Kesho yake alivaa, akakaa sebuleni akisubiri neno moja hadi magharibi ikaadhiniwa.

Akanitumia skrinshoti na swali: "Anamaanisha nini?"

Dhana: "Umepotea" maana yake amekukumbuka.
Huenda amekukumbuka, lakini neno lenyewe halisemi hivyo. Kwetu "umepotea" ni salamu kama "za siku nyingi". Hata mama wa genge atakuambia hivyo ukikosa kupita kwake siku nne. Na salamu hii ina jibu lake la mazoea: "Nipo tu, ni majukumu." Mtego upo hapo. Ukijibu hivyo, umekubali kwamba aliyepotea ni wewe, umejitetea kwa kosa lisilo lako, na zile wiki sita hazitazungumzwa tena. Sisemi kila anayeiandika ana hila. Wengi wana aibu tu, na salamu hii inawapa mlango wa kupitia bila kutaja walikokuwa. Ila matokeo kwako ni yale yale.

Dhana: ukiichambua vizuri, maana utaipata humo humo.
Tulikaa hadi saa saba tukijadili kile kikatuni cha kucheka, ile "jamani", na kwa nini ameandika usiku. Kazi bure. Mwaka 2005 Justin Kruger na Nicholas Epley, pamoja na wenzao, walichapisha majaribio ya watu waliotumiana barua pepe, nyingine za dhati na nyingine za kejeli. Waandikaji waliamini wameeleweka, wasomaji walikuwa karibu na kubahatisha tu, na bado nao walijiamini. Kama sentensi kamili zinapotosha hivyo, maneno manne ya salamu yatakuambia nini?

Kinachosaidia ni kutazama kisichoandikwa. Je, ametaja pale mlipoachia? Ameuliza kitu chenye jibu, au ametupa ndoano tu? "Mambo, najua nilikuacha ukisubiri ile Jumapili" ni ujumbe wa aina nyingine kabisa, hata ukija usiku wa manane.

Dhana: moyo ulivyoruka ulipoona jina lake, basi bado mnapendana.
B. F. Skinner alionyesha kwa njiwa kwamba chakula kinachotoka bila mpangilio humfanya njiwa adonoe kwa ung'ang'anizi kuliko kinachotoka kila mara. Mtu anayekuja na kutoweka hukuzoesha vivyo hivyo. Ule mruko unaeleza ulivyosubiri. Nia yake hauielezi.

Dhana: na yeye asubiri wiki sita.
Utaumia wewe, maana ndiye utakayekuwa ukihesabu. Na ukiusoma kwenye arifa bila kufungua chati, tiki hazibadiliki rangi, kwa hiyo adhabu hiyo huenda hata asiione. Jibu ukiwa umelala vizuri, basi.

Dhana: usipoendeleza mazungumzo, umekosa adabu.
Salamu hujibiwa, nakubali. Lakini "Salama, asante" ni jibu kamili, adabu imetimia na mlango umebaki kama ulivyokuwa. Tahadhari moja: kama baada ya salamu anaomba pesa, au tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako, usijibu. Mpigie kwa namba ya kawaida umsikie sauti, kwa sababu akaunti yake huenda imeshatekwa.

Shoga yangu alijibu Jumapili mchana. Tulifuta rasimu tatu: moja ya kulalamika, moja ya kujichekesha, na moja ndefu mno. Ikabaki hii: "Salama. Mara ya mwisho tulipanga kuonana Jumapili, ukanyamaza. Kulikuwa na nini?" Haina tusi, haina kicheko, na haikubali kwamba yeye ndiye aliyepotea. Pia ina swali moja linalojibika, kwa hiyo ujumbe wa pili wa yule kaka ndio ungeonyesha alichokuja nacho. Angeweza kusema aliuguliwa, alikuwa na mtu mwingine, aliogopa; lolote kati ya hayo lingekuwa na pa kuanzia.

Akaandika baada ya dakika mbili: "Aah, mambo mengi tu mamii. Uko wapi saa hii?"

Akamjibu: "Nyumbani, napumzika. Siku njema." Kisha akaizima milio ya chati ile.

Alhamisi ukaingia mwingine: "Umepotea."