"Nyuzi si zimetoka dokta?" Dhana potofu kwenye barua za walimu waliopasuliwa tumbo

Nipo kliniki ya upasuaji hapa Tanga, na kama kuna watu wananipa kazi ya kubishana ni walimu. Wanakuja na karatasi ya ED, ile ya daktari ya kumpumzisha mgonjwa kazini, na barua ya kuomba ruhusa wameshaiandika nyumbani, wanataka tu nithibitishe tarehe. Ukiisoma barua unakuta imeandikwa vizuri kabisa, mwandiko wa ubaoni, lakini anachoomba kwa mkuu wake hakiendani na tumbo alilonalo. Sasa leo nayasema yote mara moja, maana nimechoka kuyarudia mezani mmoja mmoja.

"Nyuzi zikitoka nimepona, ruhusa niombe mpaka siku ya kutoa nyuzi"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Nyuzi tunazotoa siku ya saba mpaka ya kumi, wengine mpaka ya kumi na nne, ni za ngozi tu, na ngozi inafunga haraka. Chini yake kuna utando mgumu mweupe unaoshika misuli ya tumbo, ule ndio unaozuia utumbo usitoke nje, nao tunaushona kwa uzi mnene ambao hauuoni na hatuutoi. Kidonda kwa ujumla wiki ya kwanza hakifikishi hata asilimia 10 ya nguvu ya awali, wiki ya sita ndo kinakaribia nusu, miezi mitatu kinafika kama asilimia 80 na hapo kinabaki, mia hakirudi tena. Kwa hiyo wewe siku ya kumi unajitazama kwenye kioo unaona mstari umekauka safi unajisemea nimepona, kumbe kwa ndani tumbo limeshikwa na uzi tu.

Ukilikaza tumbo kabla ya wakati, na hapo nasema kunyanyua, kusukuma, kukohoa sana, hata kujikamua chooni, ule mshono unaweza kuachia kidogo kidogo. Ngozi inabaki nzima ila chini pameacha upenyo, utumbo unachungulia, na hiyo ni ngiri ya kwenye kovu. Kwa mkato wa wima katikati ya tumbo inapata kama mtu mmoja kati ya kumi, wengine wanasema mpaka wawili. Siyo kila aliyebeba ndoo ataipata, na wapo walioipata bila kubeba kitu kwa sababu kidonda kilioza, au mwili mzito, au kikohozi cha sigara. Lakini kidonda kuoza hukipangi, ndoo unaipanga.

Kuijua ni rahisi. Simama, weka kiganja juu ya kovu, kohoa. Ukisikia kitu kinasukuma kiganja, halafu ukilala chali kinapotea, njoo kliniki. Kikiwa hakirudi ndani, kinauma na unatapika, hiyo usisubiri kliniki, njoo usiku huo huo. Na kuna nyingine inatokea mapema, kati ya siku ya tano na ya kumi: kidonda kilikuwa kikavu mara bandeji inalowa ghafla maji mepesi ya rangi ya waridi, mengi. Hapo mshono wa ndani umeachia, lala chini, funika na kitambaa safi, usisukume kitu ndani, uletwe hospitali.

Sasa hayo yote yanahusianaje na barua? Yanahusiana hivi. Madamu mmoja anakaa Makorora anafundisha shule ya msingi upande wa Pongwe, alitolewa uvimbe kwenye kizazi, mkato wa wima chini ya kitovu, tarehe 9 Julai. Barua yake ilisema hivi, naikumbuka maana karibu zote zinasema hivi: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba ruhusa ya ugonjwa hadi nitakapotolewa nyuzi, baada ya hapo nitaendelea na majukumu yangu kama kawaida." Nikamuuliza madamu, kama kawaida ni nini? Akaanza kuhesabu mwenyewe. Anatoka Makorora kwa bodaboda. Wiki hiyo ana zamu, kwa hiyo anawahi kabla ya kengele anasimamia usafi, watoto wa darasa la kwanza ndoo zikiwashinda anawasaidia. Mstarini anasimama. Darasa lina watoto zaidi ya sitini, daftari anazibeba kwenye mfuko anapeleka ofisini kusahihisha. Nikamwambia nenda duka lolote weka daftari sitini kwenye mzani, zinafika kilo tano sita hivi. Na mimi kwa mtu aliyepasuliwa wima nasema mpaka wiki ya sita usizidishe kilo tano. Akanyamaza kidogo afu akasema, "Dokta, na huwa nabeba za madarasa mawili."

"Nikiandika naomba kazi nyepesi inatosha, mkuu ataelewa"

Haelewi, na siyo kwamba ana roho mbaya. Mkuu wa shule akisoma "kazi nyepesi" anawaza ualimu wote ni kazi nyepesi, si chaki tu hiyo? Utakuta amekuondoa kwenye vipindi vya hisabati amekupa stoo ya vitabu, akiamini amekusaidia, kumbe amekupeleka penye maboksi. Kuna mwalimu wa kiume wa sekondari alipewa "kazi nyepesi" ya kupanga madawati ya chumba cha mtihani. Alirudi kwangu na uvimbe juu ya kitovu, na kuirekebisha ile ngiri hatuikimbilii, tunasubiri miezi tumbo litulie ndo tunaweka wavu.

Kwa hiyo andika kazi zenyewe kwa majina yake. Ile barua ya madamu tulikaa nikamwambia unachoweza na usichoweza, yeye akaipanga kwa Kiswahili chake cha ofisi, ikaja hivi:

"YAH: MAOMBI YA RUHUSA YA UGONJWA NA KUPANGIWA KAZI NYEPESI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilifanyiwa upasuaji wa tumbo tarehe 9 Julai. Daktari amenipumzisha siku 28, kuanzia tarehe 9 Julai hadi tarehe 5 Agosti. Nitaripoti kazini tarehe 6 Agosti.

Kuanzia tarehe 6 Agosti hadi tarehe 2 Septemba naomba nisipangiwe zamu, michezo, kusimamia usafi wala kazi ya kunyanyua au kusogeza samani. Naweza kufundisha nikiwa na kiti darasani, vipindi visizidi viwili mfululizo, na naweza kusahihisha, kuandaa maandalio ya masomo na kutunga majaribio. Naomba daftari zipelekwe ofisini na wanafunzi. Tarehe 3 Septemba nitarudi kliniki na nitaleta majibu ya daktari.

Nimeambatanisha cheti cha daktari. Wakati sipo, maazimio ya kazi na kitabu cha mahudhurio nimemwachia mwalimu mwenzangu wa darasa."

Ona mkuu alivyorahisishiwa. Anajua lini haupo, lini unarudi nusu, nani ana kitabu cha mahudhurio, na ana kitu cha kuwaambia walimu wengine wakianza kunung'unika mbona fulani hashiki zamu. Tarehe 3 Septemba ni wiki ya nane toka apasuliwe, hapo nampima nikiridhika namwongezea kazi taratibu. Na kiti nakisisitiza mpaka wananicheka, ila mtu aliyesimama vipindi vinne mfululizo anainama mbele kulilinda kovu, jioni anakuja analia mgongo.

Angalia pia hesabu ya siku. Siku ya kwanza ni ile iliyoandikwa kwenye cheti, hata kama siku hiyo ulikuwa bado wodini. Walimu wengi wanahesabu kuanzia siku waliyofika nyumbani, wanajikuta wamezidisha siku nne tano ambazo hazina karatasi, na ukizidisha siku tano bila ruhusa unaanza kuitwa mtoro kazini.

"ED ndo ruhusa yenyewe"

Hapana. Mimi napendekeza, mwajiri ndo anatoa ruhusa. Ukiipiga picha ED ukaituma kwenye grupu la wasapu la shule hujaomba kitu. Kama uko shule ya serikali mwajiri wako ni mkurugenzi wa halmashauri, barua inaandikwa kwake kupitia kwa mkuu wa shule, na huku msingi ni mwalimu mkuu, msichanganye vyeo barua ikarudi. Bakiza nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri nimeona umemwokoa mtu.

"Lazima nieleze nilichopasuliwa"

Siyo lazima. "Upasuaji wa tumbo" inatosha. Barua inapita kwa karani, inapita masijala, mambo ya kizazi chako au utumbo wako yanamhusu nani? Ambacho mkuu anahitaji ni tarehe na mipaka ya kazi.

"Ruhusa maana yake kulala"

Wengine wanaogopa kabisa kuonekana wanatembea, eti mkuu akipita akikuona Ngamiani sokoni atasema unadanganya. Tembea! Tunakuamsha kitandani siku ya pili kwa sababu damu ikilala miguuni inaganda, na mapafu yanajaa uchafu. Kutembea kwenda dukani na kunyanyua gunia ni vitu viwili tofauti, ndo maana hata barua inataja kunyanyua na haitaji kutembea. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, hiyo njoo haraka.

Na mkanda au kanga iliyokazwa kiunoni, funga kama unapata nafuu ukikohoa, ila haizuii ngiri, kwa hiyo usibebe ndoo kwa kisingizio umefunga kanga.

"Shule binafsi hawalipi ukiumwa"

Wanalipa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 32, inatoa siku 126 za ugonjwa kwenye mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu. Lakini usipopeleka cheti cha daktari anayetambulika mwajiri hana wajibu wa kukulipa, kwa hiyo kile cheti usikiache kwenye pochi kinachakaa. Na waliojifungua kwa upasuaji, ninyi mna likizo ya uzazi siku 84, mia moja kama ni pacha, msiombe ya ugonjwa kwa siku hizo hizo. Ila mkirudi na bado kovu linavuta, ombi la kazi nyepesi mnaandika kama wengine, na mje nipime kwanza.