Kuzima wageni kwa utaratibu umeme ukikatika

Kompyuta moja inapobeba mashine pepe kadhaa, yenyewe huitwa mwenyeji na mashine zilizo ndani yake huitwa wageni. Kuzima wageni kwa utaratibu ni kumpa kila mgeni nafasi ya kufunga programu zake na kumalizia kuandika data kwenye diski kabla haijaisha betri ya UPS, kifaa kinachoendelea kutoa umeme wa ukutani unapokatika. UPS humjulisha mwenyeji peke yake, naye ndiye anayewaamuru wageni. Hapa tutatumia Proxmox VE, mfumo unaoendesha wageni kwenye mwenyeji, na programu ya NUT kusoma UPS iliyounganishwa kwa kebo ya USB.

NUT huonyesha hali ya UPS kwa herufi chache. `OL` ni umeme upo, `OB` ni betri inatumika, na `LB` ni betri imeshuka. `OB` pekee haizimi kitu, na ni vizuri iwe hivyo, kwa sababu umeme mara nyingi hurudi baada ya sekunde chache. Kuzima huanza `OB` na `LB` zikionekana pamoja. Hapo `upsmon`, sehemu ya NUT inayofuatilia UPS, huendesha amri ya kuzima mwenyeji, na Proxmox huwazima wageni wote kwanza.

Wengi hukwama hapo kwenye `LB`. UPS nyingi ndogo hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kutoa `LB` chaji ikifika asilimia 10, au zikibaki dakika 2 hivi. Muda huo unamtosha mtu mwenye kompyuta moja mezani, lakini hautoshi mwenyeji mwenye wageni. Kwa hiyo anza na hesabu ya muda ambao wageni wanauhitaji.

Chukua mwenyeji mwenye wageni watatu: hifadhidata yenye nambari ya mpangilio 1, mfumo wa mauzo unaoitegemea wenye 2, na kontena la mafaili, mgeni mwepesi kuliko mashine pepe, lenye 3. Proxmox huwasha kuanzia 1 kwenda 3, na huzima kinyume chake. Kontena litazimwa kwanza na hifadhidata mwisho, kama inavyotakiwa, ili mfumo wa mauzo usipoteze hifadhidata ukiwa bado unafanya kazi. Usipobadilisha kitu, mashine pepe husubiriwa hadi sekunde 180 na kontena 60. Hali ikiwa mbaya kabisa ni 60 + 180 + 180, yaani sekunde 420. Ongeza 60 za mwenyeji mwenyewe na 120 za akiba, unapata 600. Hizo ndizo zinazoingia kwenye `/etc/nut/ups.conf`:

```
[ups]
  driver = usbhid-ups
  port = auto
  ignorelb
  override.battery.charge.low = 50
  override.battery.runtime.low = 600
```

`ignorelb` huiambia NUT isingoje `LB` ya UPS, bali ijiamulie kwa viwango hivyo viwili. Kimojawapo kikifikiwa, kuzima kunaanza. Asilimia 50 ni ya kukulinda na betri iliyochoka, ambayo hudai ina dakika 20 kisha ikaanguka ghafla.

Sasa mgeni mwenyewe. Kwa kawaida Proxmox humtumia ishara kama ya kitufe cha kuzimia kilichobonyezwa. Ukiwasha chaguo la QEMU Guest Agent bila kusakinisha programu yake ndani ya mgeni, amri hutumwa kwa wakala ambaye hayupo. Muda utaisha, na mgeni atakatwa kwa nguvu. Kwa hifadhidata, hilo ndilo janga tulilokuwa tunalikwepa. Mjaribu kila mgeni peke yake kwa nambari yake, mashine pepe kwa `qm shutdown 101` na kontena kwa `pct shutdown 103`, na upime sekunde.

Kuna tatizo jingine ambalo watu hulisahau: umeme kurudi wakati mwenyeji anaendelea kujizima. Mwenyeji atazimika, UPS itaendelea kutoa umeme, na kwa kuwa kompyuta haikuona umeme ukikatika, haitajiwasha. Dawa yake ni `POWERDOWNFLAG /etc/killpower` ndani ya `upsmon.conf`. Mwisho kabisa wa kuzima, NUT huiamuru UPS ikate umeme wake kisha iurudishe. Kwenye BIOS, weka kompyuta ijiwashe umeme unaporudi.

Jaribio la mwisho lifanye wakati hakuna anayetumia mfumo. Chomoa UPS ukutani na uangalie `upsc ups@localhost`. `battery.runtime` huhesabiwa kwa sekunde. Ikionyesha chini ya 600 mara tu unapochomoa, wageni wataanza kuzimwa papo hapo: UPS ni ndogo kwa mzigo huo, au betri inahitaji kubadilishwa.