Mtego wa namba ngeni

"Nikimchokoza mpenzi wangu kwa namba ngeni akanikataa, si nitakuwa nimejua ni mwaminifu?"

Hapana. Tuseme shoga yako anamwandikia mwenzako saa nne usiku: "Mambo, umenisahau?" Asipojibu, utasema ameshtukia. Akijibu "Nani mwenzangu?", utauliza kwa nini alijibu usiku ule. Shaka ilikuwepo kabla ya meseji, kwa hiyo kila jibu linaingia humo humo. Hata akifaulu, nafuu hudumu siku chache tu, kisha unatafuta namba nyingine.

Naye akigundua (mashoga wana midomo), kila namba asiyoijua inaweza kuwa wewe. Anaanza kulaza simu kifudifudi, si kwa kuwa ana mtu, bali amechoka kuviziwa. Wewe unaona simu imefichwa, unasema: "Nilijua!" Mtego umezaa ushahidi wake wenyewe.

Kumtia wivu kwa picha za mwanamume mwingine kwenye status ni vilevile: akinyamaza "hanipendi", akifoka umejua hasira zake tu.

Kama alisema yuko kazini na ukamwona kwingine, muulize hilo hilo. Lina jibu linaloweza kuhakikiwa.