Je, wajua? Jina la gereji hupimwa kwa sentimita

Nafungua gereji kando ya barabara. Niipe jina gani ili dereva anayepita kasi avutike aingie?

Jina fupi, na juu yake neno GEREJI kwa herufi kubwa kuliko jina lenyewe. Wengi hufanya kinyume: jina linajaza bango zima, na kazi inayofanyika hapo inabanwa chini pamoja na namba ya simu.

Kosa hili linatokana na kuamini kwamba dereva huvutwa na jina tamu. Dereva ambaye gurudumu lake limeanza kulia hatafuti utamu, anatafuta fundi. Akiona BARAKA peke yake, hajui kama ni gereji, duka la dawa au saluni, na hadi apate jibu ameshapita. Hapendi kurudi nyuma, na kwenye barabara yenye magari mengi huenda asiweze hata akitaka. Ndiyo maana jina lililosifiwa na familia nzima sebuleni linaweza lisilete gari hata moja: sebuleni kila mtu alishajua kwamba ni gereji.

Sasa tupige hesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Mpe dereva sekunde mbili na nusu za kusoma, ambazo ni mita 35, na nyingine kama hizo za kuamua na kuhamisha mguu, mita 35 tena. Kisha apunguze mwendo taratibu, bila kumshtua aliye nyuma yake, hadi aweze kukata kona: hapo zinakwenda kama mita 45. Jumla ni mita 115. Bango lisiposomeka kutoka umbali huo, dereva ama anapita, ama anakanyaga breki ghafla.

Kanuni ya kawaida ya mabango ni kwamba herufi yenye urefu wa sentimita 2.5 husomeka kwa takribani mita 9. Kwa mita 115, basi, unahitaji herufi za sentimita 32 hivi. Kwenye barabara kuu ya kilomita 80 kwa saa, hesabu hiyohiyo inapanda hadi zaidi ya mita 220, na herufi zinakaribia sentimita 63.

Hapo ndipo urefu wa jina unapoingia. Bango ni donge moja la unga: ukitaka chapati nyingi, kila moja itakuwa ndogo. Chukua bango la upana wa mita 3 na kimo cha mita 1.2. Andika BARAKA NJEMA UFUNDI WA MAGARI kwa mstari mmoja. Hizo ni nafasi 29, ukihesabu na mapengo ya maneno. Herufi moja pamoja na pengo lake hula upana wa kama asilimia 80 ya kimo chake, kwa hiyo ukiacha pambizo kidogo unabaki na herufi za sentimita 12. Zitasomeka kutoka mita 43, yaani sekunde tatu kabla ya lango.

Bango hilohilo, andika GEREJI kwa sentimita 45 na BARAKA chini yake kwa sentimita 30. Vyote vinaingia na nafasi inabaki. Neno la kazi sasa linasomeka kutoka mita 160 hivi. Jina linachelewa kidogo, lakini wakati huo dereva ameshaamua kupunguza mwendo. Kama unaosha magari tu, OSHA GARI ina nafasi tisa: nayo inaingia kwa sentimita 35.

Kanuni hiyo inachukulia mchana, macho mazima na rangi zinazoachana vizuri. Vumbi, mvua na vivuli vya mapambo vinavyoziba matundu ya A, B na R hupunguza umbali, na kanuni yenyewe haina faida yoyote bango likilala sambamba na barabara: dereva analiona kwa pembeni na herufi zinajibana. Lisimame likimtazama anayekuja, na kama litaingia kwenye hifadhi ya barabara, omba kwanza kibali cha wenye barabara, kwa mfano TANROADS kwa barabara kuu za Tanzania.

Kwenye barabara ya mtaani hesabu hizi hulegea, maana wapitao ni walewale na jina huwaingia kidogo kidogo. Huko jina la kipekee lina faida zaidi, kwa sababu mteja atamwelekeza mwenzake kwa simu, na Baraka zikiwa tatu barabara moja atampeleka kwa jirani yako.

Kabla ya kumlipa mchoraji, andika neno moja kwenye maboksi kwa kimo kamili, lisimamishe, kisha hesabu hatua 150 kurudi nyuma. Msomaji awe mtu ambaye hajaambiwa limeandikwa nini. Anayelijua neno atalisoma hata lisiposomeka.