Maana ya pambizo za kioo na nafasi ya mgongo

Chukua kijitabu cha ushauri kwa wakulima wa zabibu wa Dodoma: karatasi za A5, kurasa 96, zimepigwa pini ubavuni kisha zikabandikwa jalada kwa gundi. Ukurasa wa kulia, mstari unaoanza na "usipulizie dawa" umemezwa herufi tatu za mwanzo, msomaji anaona "pulizie dawa". Ukurasa wa kushoto, "siku 14" imebaki "siku 1". Kosa la namna hii linaweza kumharibia mtu shamba.

Sababu ni kwamba pini huingia ndani kidogo ya ukingo, na karatasi iliyobanwa hivyo haifunguki ikalala. Sehemu ya pambizo inapotelea mgongoni, na ikiwa pambizo ni nyembamba, maneno yanaifuata.

Wengi hukimbilia kuongeza pambizo ya kushoto. Hapo kurasa za 1, 3 na 5 zinapona, kwa kuwa mgongo wao uko kushoto. Lakini kurasa za 2, 4 na 6 zina mgongo upande wa kulia, hivyo nafasi uliyoongeza inakwenda nje, mahali isipohitajika. Ukiona miisho ya mistari inapotea kwenye kurasa za namba shufwa tu, jua tatizo ni hilo.

Pambizo za kioo ndizo zinazotibu. Kurasa mbili zinazotazamana zinapangwa kama mtu na sura yake kiooni: pambizo ya ndani huwa kushoto kwenye namba witiri, kulia kwenye namba shufwa. Kwenye Word, fungua Layout, kisha Margins, kisha Custom Margins. Palipoandikwa Multiple pages chagua Mirror margins. Left na Right zitageuka kuwa Inside na Outside. Gutter ni nafasi ya ziada kwa ajili ya mgongo, na Word huijumlisha juu ya Inside. Kwenye Apply to chagua Whole document, la sivyo sura nyingine zinaweza kubaki na mpangilio wa zamani.

Kijitabu chetu kilikuwa na sentimita 1.2 kila upande. Tunaacha Inside na Outside hivyo hivyo, tunaweka Gutter sentimita 1. A5 ina upana wa sentimita 14.8, kwa hiyo mstari unashuka kutoka sentimita 12.4 hadi 11.4. Maandishi yatasogea na kurasa zitaongezeka, basi bofya yaliyomo, bonyeza F9, uchague kusasisha jedwali lote.

Kabla ya kuchapa nakala zote, mwombe fundi wa steshenari akubanie nakala moja yenye unene kamili. Karatasi chache hazitakuonyesha kitu, kwa sababu zinafunguka kirahisi. Wakati wa kuchapa PDF, chagua Actual size. Fit hupunguza ukurasa na kuvuruga vipimo vyako.

Kijitabu chembamba kilichokunjwa katikati na kupigwa pini kwenye mkunjo hufunguka vizuri, na mara nyingi hakihitaji Gutter kabisa.